Tupeane uzoefu: mnafungaje vito vya fedha safari ya Dar–Dodoma?

Binti_Upanga: Habari zenu wadau. Wanaosafiri kila wiki mbili, mnabebaje vito? Nina mikufu miembamba ya fedha, hereni na pete ya tanzanaiti. Nataka visisokotane, visikwaruzane, visiwe vyeusi.

SonaraMstaafu: Tuanze na mkufu, ndio msumbufu. Fungua kifungo, pitisha ncha moja ndani ya mrija wa soda hadi itokeze upande wa pili, kisha funga kifungo. Hapo hauna nafasi ya kujisokota. Mkufu wa sentimita 45 unataka mrija wa kama 20. Mrija ukiwa mrefu zaidi, ncha za mkufu hazikutani. Kila mkufu na kifuko chake cha zipu, ukamue hewa yote kabla ya kufunga. Ule weusi si kutu. Ni salfa ya hewani inayoshikana na fedha, na unyevu wa Dar unaiharakisha. Ndiyo maana hata raba ya kufungia pesa usiizungushie: nyingi zina salfa, inaacha mstari mweusi palepale ilipokaa.

Chuma_Mbagala: Tatizo ni jasho tu. Tia vile vipakiti vinavyokuja ndani ya viatu vipya, kwisha kazi.

SonaraMstaafu: Vipakiti vinanyonya unyevu, na hilo linasaidia, ila salfa haviigusi. Jasho nalo halisingiziwi. Suuza, kausha kabisa, ndipo ufunge. Kito kibichi kwenye kifuko kisichopitisha hewa ni afadhali ungekiacha mezani.

MamaLulu: Basi na lulu zangu nizikamulie hewa hivyohivyo?

SonaraMstaafu: Hapana dada, lulu usizifungie kwenye plastiki muda mrefu, zinakauka. Zifunge kwenye kitambaa laini cha pamba. Ukifika usizitundike, zilaze, maana uzi wa hariri hulegea.

Fundi_Vito: Pete ya tanzanaiti haijajibiwa. Kwenye kipimo cha ugumu jiwe hilo ni kati ya 6 na 7, almasi ni 10. Zikikaa kifuko kimoja, almasi inakwaruza. Na vumbi la njiani lina chembe za mchanga, ambazo ni 7, kwa hiyo usilifute pete ikiwa kavu. Suuza kwanza kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo. Hereni zichomeke kwenye kipande cha sponji jozi kwa jozi.

Chuma_Mbagala: Zikishakuwa nyeusi, dawa ya meno.

Fundi_Vito: Inang'arisha kwa kukwangua. Angalia mwangani, utaona mikwaruzo midogomidogo.

Binti_Upanga: Asanteni. Sasa kifurushi chote kikae kwenye buti la basi au kwenye pochi?

MamaLulu: Pochi, tena mapajani.

Chuma_Mbagala: Ukisinzia je? Mimi ningeweka katikati ya nguo, ndani ya begi la miguuni.