Mrejesho: wimbo kabla ya kikao

Niliuliza: "Nilikwama katikati ya taarifa kwenye kikao cha mtaa hapa Tanga, watu wakacheka. Nisikilize nyimbo gani ili nirudi kusimama bila kutetemeka?"

Ahsanteni nyote. Jibu lililofaa ni kuimba. Kusikiliza peke yake hakukutosha. Anayekwama mara nyingi pumzi imebaki juu kifuani, na maneno ya mwanzo yanatoka mbio. Wimbo wa polepole wenye mistari mirefu unakulazimisha kutoa pumzi taratibu.

Hapa kwetu taarabu za zamani za Black Star na Lucky Star ni hazina. Mistari ya mashairi mengi ya Kiswahili ina mizani 16, yaani 8 hadi kina cha kati, na 8 nyingine. Imba nane kwa pumzi moja, tua kwenye kina, vuta pumzi kwa pua, malizia. Beti tatu zinatosha. Kisha sema ufunguzi wako kwa mwendo uleule: "Mwenyekiti na wajumbe (tua), ninaleta taarifa." Hesabuni, ni nane kwa nane.

Mipasho iacheni siku hiyo, jamani. Inakufanya uwajibu waliocheka, na unaingia ukumbini na hasira. Ukiona shingo inakaza au sauti inakwaruza, umeanza juu mno, shusha. Maliza kama dakika kumi kabla, unywe maji.

Taarifa usiyoijua, wimbo hauiokoi. Sentensi tatu za kwanza ni lazima ziwe kichwani.