Mama yangu alipeleka lita 312 za maziwa, bonasi ikamwona na lita 216. Hii ni hesabu gani?

MwanaNjoro

Nimekasirika na sitaficha. Mama hupeleka maziwa kituoni kila asubuhi, hapa upande wa Njoro. Ushirika wetu uliweka tangazo ukutani: mkulima aliyefikisha lita 300 Septemba ataongezewa shilingi 3 kwa kila lita. Mama ana kitabu chake kidogo, kila siku karani wa kituo anaandika na kutia sahihi. Siku 18 alipeleka lita 12, siku 12 akapeleka lita 8 kwa sababu ng'ombe mmoja aliugua kiwele. 216 na 96 ni 312. Anadai shilingi 936.

Orodha ya bonasi ilipobandikwa, jina lake halikuwepo. Jirani yetu aliyeleta lita 22 kwa siku 14 tu, jumla 308, yumo. Simwonei wivu, amestahili. Lakini 308 inapitaje na 312 inaachwa?

Nilienda ofisini. Karani wa data, kijana mpole tu, alinionyesha amri ya SQL aliyoiandikia kompyuta:

```sql
SELECT mkulima, SUM(lita), COUNT(*)
FROM maziwa
WHERE tarehe BETWEEN '2025-09-01' AND '2025-09-30'
  AND lita >= 10
GROUP BY mkulima
ORDER BY SUM(lita) DESC;
```

Kisha akachapisha na kuchora mstari wa kalamu chini ya 300. Kwenye mstari wa mama: 216, na kando yake 18. Mama alienda kituoni siku 30! Siku zake 12 zimemezwa. Nilipouliza hiyo `lita >= 10` imetoka wapi, akasema alianza na `WHERE SUM(lita) >= 300`, mashine ikakataa, basi akagawa 300 kwa siku 30 akapata 10. Meneja akasema "kompyuta haikosei" na kunifungulia mlango nitoke.

Nani anaweza kunieleza kosa hili kwa maneno ambayo kamati ya wazee watayaelewa?

Mzee_wa_Takwimu

Pole sana, mwanangu, na umpe mama pole. Hapo mashine haikukosea. Imejibu swali ambalo tangazo halikuuliza.

Waambie wazee hivi. Mnapima maharagwe kwa gorogoro. Kabla ya kupima unatoa yaliyooza, hilo ni sawa, kwa sababu uozo ni jambo la punje moja moja. Lakini kujaa kwa gorogoro si jambo la punje. Anayeitupa punje kwa sababu haikujaza gorogoro amefanya nini? Ndivyo alivyofanya karani. Lita 300 ni sharti la mwezi mzima wa mkulima, yeye akaliteremsha juu ya asubuhi moja.

Ingawa `SELECT` huandikwa juu, kazi haianzii hapo. Kwanza mistari inachukuliwa kutoka jedwali, `WHERE` inautazama kila mstari peke yake na kuamua ubaki au utoke, ndipo iliyobaki inakusanywa kwa mkulima na kujumlishwa. Ndiyo maana `WHERE SUM(lita)` ilikataliwa: wakati huo jumla bado haijazaliwa. Ule ukaidi wa mashine ulikuwa onyo, na kijana akalizunguka. Siku za lita 8 zilitoka kabla ya kujumlishwa, na kilichotoka pale hakirudi.

Sharti la jumla linangoja makundi yakamilike:

```sql
GROUP BY mkulima
HAVING SUM(lita) >= 300;
```

Tarehe ibaki kwenye `WHERE`, hiyo `lita >= 10` ifutwe. Na ule 18 ndio ushahidi wako. Ukiona jumla inakutia shaka, hesabu mistari iliyoingia kwenye kundi kabla ya kugombana na jumla yenyewe.

KijanaWaKakamega

Mnazungusha sana. Hivyo viwili ni kitu kimoja, tofauti ni kasi tu. Nimejaribu mwenyewe kazini, nikaweka sharti la kituo kwenye `WHERE`, nikalihamishia `HAVING`, majibu yaleyale. Ushauri wangu: wekeni masharti yote kwenye `HAVING`, hamtapoteza mstari hata mmoja.

Mzee_wa_Takwimu

Ulichokiona ni kweli, lakini umekiona mahali pamoja. Bila shaka ulikuwa umekusanya kwa kituo hichohicho. Mistari yote ya kundi la Njoro ni ya Njoro, kwa hiyo ukitoa mistari au ukitoa kundi, umetoa kitu kilekile. Lita za siku hazifanani hivyo ndani ya mwezi wa mtu.

Sasa chukua maziwa yaliyokataliwa kituoni baada ya kupimwa. Tuseme mkulima ameandikiwa lita 320, na 30 kati ya hizo zilikataliwa kwa siku mbili. Zilizokubaliwa ni 290. Ukitoa mistari iliyokataliwa kwanza, hapati bonasi. Usipoitoa, anapata kwa maziwa ambayo hayakununuliwa. Ukijaribu `HAVING hali = 'imekubaliwa'`, hifadhidata kama PostgreSQL itakukatalia, na ina haki: kundi lina siku 28 za kukubaliwa na 2 za kukataliwa, litajibu "hali yangu" ni ipi? Na ukisema kundi lisiwe na mstari hata mmoja uliokataliwa, basi mtu mwenye lita 900 safi anatupwa nje kwa ajili ya asubuhi moja mbaya. Kuweka yote `HAVING` kungemwonea mwingine badala ya mama huyu.

KijanaWaKakamega

Hilo la kukataliwa sikuliwaza. Lakini la kasi nalishikilia, kutoa mistari mapema huipunguzia mashine kazi.

Mzee_wa_Takwimu

Hapo sikupingi.

DadaWaDunga

Mimi ni wa samaki Kisumu, situmii hayo mambo, natumia Excel. Naficha mashua ndogo kwa kichujio, lakini `SUM` chini inabaki ileile! Nami nimeibiwa?

Mzee_wa_Takwimu

Hapana, dada, kwako ni kinyume. Kichujio cha Excel kinaficha tu machoni, `SUM` bado inahesabu mistari iliyofichwa. Tumia `SUBTOTAL(9, ...)` kama unataka inayoonekana pekee. Lakini jiulize kwanza kama kweli unataka kuzitoa hizo mashua.

MwanaNjoro

Asante, mzee wangu. La gorogoro nimemwambia mama jikoni, akaelewa kabla sijamaliza sentensi. Jumatatu nakwenda na kitabu chake, na hati ya malipo ya ushirika wenyewe. Maziwa walimlipia lita 312! Karatasi mbili za ofisi moja, mwezi mmoja, mtu mmoja, jumla mbili. Na nitadai orodha yote irudiwe, maana wenye ng'ombe mmoja au wawili ndio wenye siku za lita 7, 8, 9. Hao ndio waliofutwa, na wengi wao hawana mtoto wa kwenda ofisini kuuliza.

WaMolo

Kabla hujaenda, soma tangazo tena. Linasema lita "zilizoletwa" au "zilizokubaliwa"?

MwanaNjoro

Nimepiga simu, ndugu yangu amelisoma pale ukutani. Limeandikwa "zilizoletwa".

WaMolo

Basi lile la lita 320 mzee amelihukumu haraka. Kwa maneno ya tangazo, huyo naye anadai.

Mzee_wa_Takwimu

Umenishika. Mstari upi utoke kabla ya kujumlisha ni neno la kamati, si langu. Mama wa Njoro yumo kwa njia zote mbili. Huyo wa 320, waamue wao, na waandike.