Ulinganisho: Sharpe au Sortino kwa mkakati wa chati wenye miezi 6 tu?

Mwandiga_Chati
Wakuu, habari za jioni kutoka Kigoma. Nina mikakati miwili ya dhahabu. Wa kwanza unafuata mwelekeo: unanunua pale wastani wa bei wa siku 20 unapoukata wa siku 50 kwenda juu. Miezi yake kwa asilimia: +2, −1, +9, −2, +1, +3. Wa pili unanunua kila bei inaposhuka sana, hauna stopu ya kukata hasara: +2, +3, +2, +3, +2, 0. Yote miwili inatoa wastani wa 2 kwa mwezi. Sharpe ya mwezi inaupa wa kwanza 0.51 na wa pili 1.83. Sortino inaupa wa kwanza 2.19, na kwa wa pili Excel inaandika `#DIV/0!`. Nifuate kipimo kipi?

Kibirizi_FX
Sortino, kaka. Sharpe inagawa wastani wa faida kwa kila kuyumba, hata kwa kupanda; Sortino inagawa kwa kushuka tu. Mwezi wako wa +9 ndio unaokushusha, wakati hakuna anayelalamika akipata faida kubwa. Mkakati wa kufuata mwelekeo kwa kawaida una hasara ndogo ndogo na faida kubwa moja moja, kwa hiyo Sharpe inauonea. Ila mbona mimi kwa namba zako napata Sortino ya 2.83?

Mwl_Kasulu
Kibirizi, umechukua miezi ya hasara peke yake ukaitafutia `STDEV`. Hapo unapima hasara zinavyotofautiana zenyewe kwa zenyewe. Mtu akipoteza 5 kila mwezi wa hasara, utapata sifuri, kana kwamba hajapoteza kitu. Hasara zipimwe kutoka kwenye kiwango ulichojiwekea, hapa sifuri, na ugawe kwa miezi yote 6:

```
=AVERAGE(B2:B7)/SQRT(SUMPRODUCT((B2:B7<0)*B2:B7^2)/COUNT(B2:B7))
```

Kuhusu +9 uko sahihi. Lakini tazama Sortino ya Mwandiga imesimama juu ya nini: miezi miwili tu, −1 na −2. Ongeza mwezi wa saba wa −4, jambo la kawaida kabisa kwa mkakati kama huo. Sharpe inatoka 0.51 hadi 0.27, karibu nusu. Sortino inatoka 2.19 hadi 0.66, imepoteza zaidi ya theluthi mbili. Sampuli ikiwa fupi, kipimo kinachotazama upande wa hasara pekee kinabaki na data chache mno za kutegemea.

Sasa wa pili. Ile `#DIV/0!` isikupendeze, maana yake ni kwamba hasara yake bado hujaiona. Mkakati usio na stopu hukusanya vifaida vidogo mpaka siku bei inaposhuka bila kurudi. Weka −12 mwezi wa saba: jumla ya miezi yote inakuwa sifuri, Sharpe sifuri, Sortino sifuri. Kabla ya mwezi huo vipimo vyote viwili vilikuwa vinausifia.

Mama_Dagaa
Shikamoo mwalimu. Mimi chati sizijui, nauza dagaa, lakini nilidhani mnaongelea faida kwa hasara, nami nina daftari langu. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Ukinipima Januari hadi Aprili utasema biashara hii haina hatari. Sasa hiyo miezi mitatu ningeiandikaje, hasara au sifuri?

Mwl_Kasulu
Marahaba, mama. Kodi ya banda na mishahara uliyolipa bila kuuza ni hasara, iandike. Na swali lako limegusa penyewe: miezi minne ile haikuwa na kufungwa kwa ziwa ndani yake.

Kibirizi_FX
Basi tutumie data za kila siku. Miezi 6 inatoa siku zaidi ya 120, sampuli si fupi tena.

Mwl_Kasulu
Siku zinasaidia kupima kuyumba, hilo nakubali. Hazisaidii wastani wa faida, kwa sababu huo unatokana na salio la mwanzo na la mwisho, hata uukate muda huo vipande vingapi. Kwa makadirio ya haraka, kosa la Sharpe ya mwaka ni 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya miaka. Nusu mwaka ni takriban 1.4. Sharpe ya mwaka ya mkakati wa kwanza ni 1.78, ongeza na toa makosa mawili, unapata kutoka chini ya sifuri hadi juu ya 4. Yaani unaweza kuwa hauna faida yoyote. Miaka 4 inalishusha kosa hadi 0.5.

Mwandiga_Chati
Nimeelewa, mwalimu. Nitairudisha mikakati yote nyuma hadi 2012, ili kushuka kwa dhahabu kwa 2013 kuwemo. Ila kiwango cha chini nikiweke sifuri, au riba ya dhamana za serikali?

Kibirizi_FX
Sifuri. Hasara ni hasara.

Mwl_Kasulu
Mimi ningeweka riba ya dhamana, kwa sababu pesa hiyo ingeweza kukaa huko. Hapo miezi yako ya 0 na +1 huenda ikahesabika upungufu, na wa pili utaacha kuandika `#DIV/0!`. Ukimaliza kurudi hadi 2012, tuwekee hapa mwezi mbaya kuliko wote wa kila mkakati.