Mmepiga picha na maboksi ya pedi, choo cha wasichana bado hakina milango

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaficha. Mimi ni mzazi, na ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi huku mkoani Shinyanga. Shule siitaji.

Mwezi Mei, wiki ya Siku ya Hedhi Salama, walikuja wageni na maboksi ya pedi. Wasichana wa la sita na la saba wakapangwa mstari, kila mmoja akapewa pakiti moja, picha zikapigwa, hotuba zikasomwa, wageni wakaondoka. Pakiti ile ina pedi nane. Msichana anayebadilisha kila baada ya saa nne hadi sita, kama inavyotakiwa, anazimaliza kabla siku ya tatu haijaisha. Yaani msaada wote ule haukuwavusha hata hedhi moja.

Julai shule zilipofunguliwa, binti wa la saba akachafua sketi darasani. Mwalimu akamwita ubaoni. Binti akabaki amekaa. Akaambiwa ana kiburi, akalazimishwa, akasimama, darasa zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo haji shule, na mtihani wa taifa ni Septemba. Kwenye rejista kaandikwa "mgonjwa".

Niliomba rejista nizisome mwenyewe. Chukua ya la saba, weka kidole kwenye jina la msichana mmoja, fuata miezi mitatu. Unaona kakosa siku mbili tatu, kisha wiki tatu na ushei yupo, kisha kakosa tena mbili tatu. Sababu zilizoandikwa: homa, tumbo, msiba. Homa gani hiyo inayofuata mwezi? Na walimu wanajumlisha rejista hizi kila Ijumaa.

Kisha nikaenda chooni. Mwongozo wa serikali unataka tundu moja kwa wasichana 20. Sisi hata tusizungumzie idadi, kwa sababu matundu mengi hayana mlango na yaliyo na mlango hayana komeo la ndani. Maji hakuna. Kuna ndoo moja, nayo iko ofisini kwa walimu. Sasa niambieni, huyo binti mwenye pedi mkononi anaibadilishia wapi? Anavaa moja asubuhi, anakaa nayo hadi saa tisa, au anabaki nyumbani. Mimi nisingekwenda shule.

Kwenye kikao nikaambiwa barua imeshaandikwa kwa wafadhili wengine waje na pedi zaidi. Nikapiga hesabu mbele yao. Shule yenye wanafunzi 600 inapata ruzuku ya shilingi 6,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, sawa na 300,000 kwa mwezi, na humo mna chaki, mitihani, ukarabati, kila kitu. Wasichana waliokwisha kuvunja ungo tuseme 80. Kila mmoja pakiti mbili kwa mwezi, pakiti shilingi 2,000, inakuja 320,000. Ruzuku yote haitoshi pedi peke yake! Kwa hiyo anayewaambia wazazi kwamba shule itagawa pedi kwa kila msichana kila mwezi anawadanganya. Pedi za kila mwezi ni kazi ya nyumbani. Kazi ya shule ni mlango, maji, na pedi za dharura, na hiyo ndiyo haifanyiki. Komeo halizidi shilingi 3,000. Nataka kujua shule zenu zinafanyaje.

Kasimu_wa_Mjini: Mkuu pole, ila unakuza mambo. Serikali ilishaondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike. Siku hizi pedi ni bei ya kutupwa, mzazi anayeshindwa ni mzembe tu.

MwalimuMstaafu: Kasimu, umeshika nusu ya habari. Kodi iliondolewa kwenye bajeti ya 2018, ikarudishwa 2019. Waziri wa Fedha wakati huo, Dkt. Mpango, alieleza kwamba bei dukani haikushuka, faida iliishia kwa wafanyabiashara. Na pakiti ya 2,000 kwa mama anayelima kibarua si bei ya kutupwa, hasa nyumba yenye wasichana watatu.

Ndugu mjumbe, nimekuwa matroni miaka mingi, shule za msingi na sekondari. Pedi za dharura zinahitaji utaratibu. Weka boksi lenye pakiti kumi za mwezi, sketi mbili za akiba, chupi mpya, sabuni ya kipande na mifuko ya kaki. Chupi msiisahau, maana nimeona wafadhili wakigawa pedi kwa mtoto asiye na chupi ya kuibandikia. Ufunguo usiwe kwa mwalimu mmoja. Siku akienda semina, boksi limefungwa. Wape wasichana wawili wa la saba wanaoaminika, na asiandikwe jina anayechukua. Halafu muwe macho: mkiona boksi limejaa mwezi mzima, msifurahi kwamba hakuna mwenye shida. Maana yake wanaogopa kuomba. Shule moja niliyofundisha boksi lilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, mwanamume, nyuma ya meza yake. Hakuna mtoto aliyeligusa.

Na huyo binti, mmemfuata nyumbani?

Mleta uzi: Asante mwalimu. Nimekwenda na mke wangu. Bibi yake anasema atarudi akihakikishiwa hachekwi. Nataka mwalimu aliyemsimamisha aombe radhi, mwalimu mkuu anasema itamvunjia heshima mbele ya wanafunzi. Tunabishana bado.

WaHomaBay: Huku kwetu Kenya tuna sheria tangu 2017, kila msichana wa shule ya umma aliyebalehe apewe taulo bure. Sheria ni nzuri sana kwa karatasi. Kwa shule ya binti yangu muhula mmoja zinafika, muhula unaofuata hakuna, na zikifika zinafika wiki ya kufunga shule. Kwa hivyo usingoje sheria pekee, mwenzangu. Tulichofanya sisi ni kuketi kina baba na kukubaliana pesa ya pedi inaandikwa pamoja na ya sabuni na sukari. Msichana asipitie kwa mama, mama aombe baba, baba aseme ngoja mwisho wa mwezi. Hedhi haimngoji mshahara.

MamaTatu: Samahani naingilia. Binti yangu ana pedi, shule yao ina maji, na bado anakosa masomo. Siku ya kwanza anatapika, anajikunja kama mtoto mchanga. Je, nayo ni uchafu tumboni? Kuna mama kaniambia nimpe majivu kwenye maji.

MwalimuMstaafu: Majivu hapana, mama. Wala si uchafu, ni maumivu, na pedi hazitayaondoa. Wengi wanasaidiwa na brufeni inayoanzwa mapema, mara maumivu yanapochungulia, akiwa amekula. Lakini kwanza aonwe zahanati apimiwe dozi yake, hasa kama ana vidonda vya tumbo au pumu. Mwambie daktari wazi kwamba anatapika na anakosa shule kila mwezi, usiseme tu "tumbo linamuuma". Mjumbe, na hili mliangalie kwenye rejista zenu, maana wapo wanaokosa kwa maumivu na mtajenga choo mkashangaa hawarudi.

FundiTangi: Mimi nazungumzia maji tu. Watu wanadhani yanahitajika mengi, wanakata tamaa. Tufanye hesabu ya hao 80. Hedhi ni siku kama tano katika 28, kwa hiyo siku yoyote wenye hedhi ni kama 14. Kila mmoja lita tano kwa siku, za kunawa na kusuuza. Jumla lita 70. Tangi la lita 5,000 linatoa siku 70 za masomo, na ukiondoa likizo ya Juni hiyo ni sehemu kubwa ya kiangazi chenu. Paa la darasa moja la mita saba kwa tisa, kila milimita ya mvua inakupa lita 63. Toa inayopotea, mvua ya milimita 100 inajaza tangi, nanyi mnapata zaidi ya hiyo masika.

Tangi huwa linashindwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni gata, inalegea, maji yanaanguka nje na hakuna anayepanda kuikaza. Ya pili ni kwamba koki inawekwa uwanjani, basi maji yanapikia chai ya walimu na kudekia madarasa, Juni limekauka. Koki ya tangi hilo itoboe ukuta iingie ndani ya chumba cha wasichana, nje kusiwe na nyingine. Na mvua ya kwanza iacheni ipite, inaosha vumbi na mavi ya ndege. Kama tangi bado, anzeni na kibuyu chirizi na ndoo yenye koki humo chooni. Wiki hii hii.

Nyabutwe: Kwa nini msishone za kitambaa? Pamba nje, taulo katikati, kitambaa cha mwavuli chini. Nne au tano zinamtosha, moja avae nyingine zikauke. Mimi nashona na mabinti zangu wanatumia.

MwalimuMstaafu: Za kitambaa ni nzuri nyumbani penye maji. Zilowekwe maji ya baridi kwanza, ya moto yanagandisha damu, kisha sabuni, kisha jua. Shida ni hilo jua. Binti anaona aibu kuzianika kambani, anazificha chini ya godoro, anavaa mbichi, anaanza kuwashwa. Mama asipoanika zake mbele ya watu, hata zikifunikwa na khanga nyepesi, binti hatathubutu. Shuleni kusiko na maji siwezi kuzishauri.

Nyabutwe: Mwalimu, lakini familia isiyo na 4,000 kila mwezi itafanyaje sasa? Aibu ya kamba inaondoka, umaskini hauondoki. Hapo hatutakubaliana.

Kasimu_wa_Mjini: Nimesoma yote. Suala la kodi nimekubali. Ila za dukani zikishatumika zinakwenda wapi? Shuleni kwetu zilijaza shimo la choo, gari la kunyonya likashindwa.

MwalimuMstaafu: Umeuliza la maana. Hazitupwi shimoni, plastiki yake haiozi. Inatakiwa tanuri dogo la matofali ya kuchoma limeegemea ukuta wa chumba, na tundu linaloanzia ndani, binti adumbukize bila kutoka nje. Akilazimika kuvuka uwanja na mfuko mkononi hatavuka. Na wengi wanahofu pedi yao ikiokotwa itatumika kwa uchawi. Msiwacheke, wakiona zinateketea wanatulia. Ila pedi mbichi haziwaki zenyewe. Zichomwe mara moja kwa wiki pamoja na magunzi makavu, watoto wakishaondoka.

Mleta uzi: Fundi wa milango anaanza Jumamosi, makomeo nimenunua mwenyewe na risiti nimeipeleka kwa mwenyekiti. Gata mzazi mmoja amejitolea. Kamati inakaa tena Ijumaa, na nitadai tangi liingie kwenye mpango wa shule kwa maandishi. Kwa tanuri nimekwama. Fundi wetu anajua matanuri ya kuchomea matofali tu. Aliyewahi kujenga la aina hiyo, Shinyanga, Simiyu au Tabora, aniandikie upana wa tundu na urefu wa bomba la moshi, maana chumba kiko karibu na darasa la awali na upepo wetu unavuma upande huo.