Naombeni ushauri: niwaonyesheje wanafunzi mawe ya piramidi yalivyovutwa bila kreni?

Mwalimu wa Zamu:
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Historia kidato cha kwanza. Juzi nimewaambia wanafunzi kwamba piramidi ya mfalme Khufu kule Giza, Misri, ilijengwa na watu zaidi ya miaka 4,500 iliyopita, na kwamba mawe yake mengi yana wastani wa tani 2.5. Darasa zima likacheka. Mmoja anasema ni majini waliojenga, mwingine kaona kwenye simu ya kaka yake kwamba ni viumbe wa sayari nyingine. Nataka waone kwa macho yao. Nina uwanja wa mchanga, kamba na watoto 45. Nifanyeje?

Nahodha Mstaafu:
Mwalimu, hilo rahisi. Sisi tukishua jahazi tunalaza magogo chini, watu wanavuta kwa wimbo, chombo kinateleza mpaka majini. Wamisri nao walifanya hivyo hivyo. Tafuta magogo sita, umemaliza.

Mchimba Kokoto:
Nahodha, kuvuta kwa pamoja umepatia, ila magogo yana shida. Kwenye mchanga laini yanazama, yasipolingana unene mzigo unakwenda upande, na Misri miti mikubwa ilikuwa adimu. Wenyewe wametuachia mchoro. Kwenye kaburi la Djehutihotep, mkuu wa jimbo, kule Deir el-Bersha, kama mwaka 1900 KK, kuna sanamu kubwa juu ya sleji, kitu kama kitanda kisicho na miguu. Watu 172 wanaivuta kwa kamba, na mmoja kasimama juu ya sleji, upande wa mbele, anamwaga maji mchangani.

Hapo kwenye maji ndipo pa kuanzia. Mchanga mkavu unajikusanya mbele ya sleji kama kilima, ukawa unavuta jiwe na kilima pamoja. Ukilowa kiasi, chembe zinashikana na kilima hakitokei. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walipima wakaona nguvu ya kuvuta inaweza kushuka karibu nusu. Maji yakizidi, inapanda tena.

Chukua jiwe la tani 2.5. Kwenye mchanga mkavu linataka mvuto wa kama kilo 1,375. Mtu mmoja akivuta kilo 40, unahitaji watu 35. Ukilowanisha vizuri, inashuka hadi kama 750, watu 19. Ukiliweka kwenye mteremko unaopanda mita 1 kila mita 10, ongeza kilo 250, unafika watu 25. Si majini hao, ni kikosi cha vibarua.

Kwa darasa, panga matofali juu ya ubao, funga kamba, uvute kwa mizani ya kuning'iniza. Kujua mchanga uko tayari, ufinye mkononi: ukibaki umeshikana bila kutoa maji, basi.

Dada wa Mbezi:
Jamani mie nina jiwe kubwa kama friji katikati ya kiwanja, fundi anataka hela nyingi kulitoa. Na mimi nimwage maji?

Mchimba Kokoto:
Dada, lako limezama ardhini, hilo linataka mtaimbo kwanza. Fungua uzi wako nitakuja.

Mbishi:
Mkuu, hesabu yako nimeipenda, sasa ipeleke kwenye huo mchoro. Sanamu ile inakadiriwa tani 58. Kwa kipimo chako cha mchanga uliolowa, kila mmoja wa wale 172 anavuta kilo 100. Nani huyo?

Mchimba Kokoto:
Umenibana. Huenda mchoraji hakuchora wote, au njia ilikuwa ya tope linaloteleza zaidi ya mchanga. Sina jibu la kukukatia.

Mwalimu wa Zamu:
Mrejesho. Matofali na ubao vilikuwa kilo 20. Mchanga mkavu mizani ilisoma 11, na kilima kikatokea kweli mbele ya ubao. Tulipolowanisha ikasoma 7. Kisha yule kijana aliyesema ni majini akamwaga ndoo nzima ya maji, ubao ukanata, ikarudi 10. Tangu hapo hacheki, ila ana swali: ndani ya piramidi kuna mihimili ya granaiti inayofika tani 50 na zaidi. Ilipandaje huko juu?

Mchimba Kokoto:
Granaiti ilitoka Aswan kwa mashua, karibu kilomita 800. Kupanda ndiko kuna ubishi. Mwaka 2018, machimbo ya Hatnub, ilitangazwa njia ya mteremko ya wakati wa Khufu. Inapanda mita 2 hivi kila mita 10, ina ngazi kila upande na mashimo ya nguzo. Wanaoichunguza wanaona kamba zilizungushwa kwenye nguzo, wengine wakivuta kwa juu na wengine kwa chini. Lakini hayo ni machimbo. Pale Giza mteremko wa kufika juu ulikaa wapi, ulinyooka au ulizunguka, bado wanagombana.

Nahodha Mstaafu:
Kamba kwenye nguzo! Hiyo hata sisi tunafanya, jahazi likiwa zito. Mwalimu, mwambie kijana aje pwani.