Mteja amerudisha betri ya sola kwa hasira mbele ya wateja wengine: nimjibuje bila kumpoteza?

MuuzaSola_Ifakara

Ndugu wanajukwaa, nina duka dogo la vifaa vya sola hapa Ifakara. Mwezi Desemba nilimuuzia kinyozi mmoja wa kijijini betri ya jeli ya volti 12, ampia-saa 100, kwa shilingi 350,000, pamoja na paneli moja ya wati 100, kontrola na inveta ndogo. Jumamosi iliyopita alikuja na ile betri imefungwa kwenye bodaboda, akaitua juu ya kaunta na kusema kwa sauti kubwa kwamba nilimuuzia kopo la maji, kwa sababu mashine zake za kunyolea zinazima kabla ya saa mbili usiku. Walikuwamo wateja watatu. Kijana wangu wa dukani, kabla mimi sijafungua kinywa, alimwambia, "Mzee, hiyo umeitumia vibaya," na hapo ndipo moto ulipowaka kweli.

Nilimwomba aiache ili ipimwe. Alikataa katakata akidai kwamba nitaibadilisha na kumpa nyingine mbovu, akaondoka nayo. Risiti anayo, ameihifadhi kwenye mfuko wa plastiki, na waranti ya miezi 12 bado inaendelea. Amesema atarudi Jumatano. Nimweleze nini, na nifanye nini ili asinichafulie jina katika vijiji vyote vya njia ile?

Kijana wa Stendi

Mrudishie fedha zake zote Jumatano asubuhi, mbele ya watu, yaishe. Shilingi 350,000 ni ndogo kuliko jina la duka.

Mama Vitenge

Mimi niliuziwa simu mwaka jana ikawa inapata moto hadi haishikiki, na muuzaji akanionyesha kibao cha "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Je, kwa simu naweza kumdai hata kama nilikwisha kubadilisha kioo kwa fundi mwingine?

Fundi Mkongwe

Mama Vitenge, ukishaifungua kwa fundi wa nje utapata shida kubwa kuthibitisha kwamba kasoro ilikuwapo tangu mwanzo, lakini kibao chenyewe kisikutishe sana. Anzisha uzi wako tukusaidie huko.

Ndugu MuuzaSola, nimeuza na kufunga sola kwa miaka mingi, na betri zilizorudishwa kwangu kwa hasira sizihesabu. Kijana wa Stendi amesema nusu ya kweli. Mteja akizitaka fedha zake na betri ikawa mbovu, mpe bila mjadala. Ila ukimpa fedha peke yake atakwenda duka jingine, atanunua betri kama ile, ataifunga kwenye paneli ileile, na masika haya haya itakufa. Atakuwa amepata fedha zake lakini hana umeme, na wewe utabaki kuwa mtu wa kwanza aliyemharibia.

Jumatano usianze na betri, anza na kazi yake. Muulize tangu lini mashine zinazima, amekosa wateja wa jioni siku ngapi, na andika anayosema huku anakuona unaandika. Kijana wako awepo na aombe radhi kwa neno lile, kwa kuwa hata lingekuwa kweli lilisemwa kabla ya kipimo chochote. Kisha, kabla ya kupima, mpe betri ya kuazima aondoke nayo siku hiyohiyo. Mimi huwa na moja dukani kwa kazi hiyo tu, na yake inabaki kwangu kama rehani. Hofu yake ya kubadilishiwa inatibika kwa namba iliyochapwa ubavuni mwa betri: mwachie aisome mwenyewe, iandikeni kwenye karatasi mbili, mtie saini wote wawili.

Kipimo chenyewe kinataka subira. Ichaji hadi ijae, iache ipumzike usiku mzima bila kuunganishwa na kitu, kisha ipime kwa mita. Ikisoma 12.7 au zaidi, ilipokea chaji vizuri. Ikisoma karibu 10.5, chemba moja kati ya sita imekufa, na hiyo mara nyingi ni kasoro ya kiwandani, mdai aliyekuuzia jumla. Tatizo ni kwamba betri iliyochoka inaweza kusoma vizuri ikiwa haina mzigo, kwa hiyo ifungie taa ya gari ya wati 55, ambayo inakula karibu ampia 4.6, na uhesabu saa. Betri nzima ya ampia-saa 100 huivumilia taa hiyo saa 10 ikiwa bado na karibu nusu ya uwezo wake. Mwite mteja aje aone, hata kama ni saa ya mwisho tu.

Halafu nijibu hili kwa uaminifu: kinyozi huyo anatumia vyombo gani, na nani alimpigia hesabu?

MuuzaSola_Ifakara

Shukrani, Fundi. Nimefanya hivyo, na majibu yamenitia aibu kidogo. Betri ilipumzika ikasoma 12.6, nikadhani nimeshinda, lakini kwa taa ya wati 55 ilishuka hadi volti 10.8 baada ya saa 5. Mzee alikuwapo na aliiona taa ikififia.

Vyombo vyake ni mashine mbili za wati 10 zinazofanya kazi saa 8, taa tatu za wati 7 kwa saa 4, televisheni ya wati 40 kwa saa 6, na simu kama kumi za majirani anazochaji kila siku. Inakaribia wati-saa 600 kwa siku. Yeye anasema aliitaja televisheni tangu siku ya kwanza, kijana wangu anasema haikutajwa, na mimi sikuandika popote.

Fundi Mkongwe

Basi umeipata. Paneli ya wati 100, hata kiangazi chenye jua kamili la saa 5, inaifikishia betri karibu wati-saa 350 baada ya kupotea njiani, na siku za mawingu hazifiki hata nusu ya hizo. Betri ilikuwa inalala na njaa kila usiku. Betri ya risasi, na hiyo ya jeli ni mojawapo, isiyojaa kwa wiki nyingi huganda ndani, na baadaye haichajiki tena. Msambazaji akiona hivyo anaweza kukataa waranti, na atakuwa na hoja. Lakini mnunuzi alitegemea ujuzi wako, na ukibishana naye kuhusu televisheni umekwisha kumpoteza.

Kijana wa Stendi

Kwa hiyo kila mtu akiua betri tumpe mpya? Duka litafungwa kabla ya Krismasi.

Fundi Mkongwe

Si kila mtu. Mtu niliyemwandikia hesabu ya vyombo vyake kwenye risiti, kisha akaongeza friji, nitampunguzia bei tu. Aliyeondoka bila hesabu, kosa nalibeba mimi.

MuuzaSola_Ifakara (wiki tano baadaye)

Nilimpa betri mpya na nikamweleza wazi kwamba itakufa kama ya kwanza asipoongeza paneli. Nilimpa paneli ya pili kwa bei niliyonunulia, analipa kidogo kidogo, na amekubali kuzima televisheni siku za mvua, ingawa ananung'unika. Nilimpigia baada ya siku kumi, akaniambia mashine zinafika saa tatu usiku. Msambazaji hajanijibu hadi leo, kwa hiyo hasara bado ni yangu.

Juzi alikuja na jirani yake mwenye banda la kuonyesha mpira. Yule jirani hakuuliza bei ya betri. Alitoa karatasi yenye orodha ya vyombo vyake, kila kimoja na wati zake, akasema ameagizwa asinunue kitu humu kabla sijaijumlisha na kuisaini.