Wakuu, bosi wangu amegeuza laptopu mbele ya mama ntilie kuonyesha nimeua chaneli, kumbe hata siku hajui kuhesabu!

Mkata Video
Naandika niko kituoni Shekilango, daladala tatu zimenipita kwa hasira. Simtaji. Mnamjua. Ofisi zote za Sinza zina mtu wa aina hii, ila wangu ni baba yao.

Nahudumia chaneli ya YouTube ya duka lake la vyombo vya jikoni. Narekodi, naediti, naweka, najibu maoni mpaka saa nane usiku. Leo tarehe 21 Juni asubuhi kafungua YouTube Studio, kaingia Analytics, Advanced mode, kabonyeza `Compare to`. Upande mmoja kaweka Mei nzima, tarehe 1 hadi 31. Upande wa pili kaweka Juni, tarehe 1 hadi 20. Views 62,000 kwa 44,000. Katoa simu, kapiga kikokotoo: "Umeshusha asilimia 29."

Halafu AKAGEUZA LAPTOPU. Mama ntilie alikuwa ndiyo kwanza anatua sahani ya chapati, na wateja wawili wamesimama wanaulizia bei ya presha kuka. Laptopu inageuka taratibu kama mlango wa mahakama. "Someni wenyewe kazi ya huyu kijana." Mama ntilie akaniambia "pole baba", utadhani nimefiwa. Na mwisho wa mwezi nakatwa laki.

Wakuu, siku 31 zinashindanaje na siku 20? 62,000 gawa kwa 31 ni 2,000 kwa siku. 44,000 gawa kwa 20 ni 2,200. IMEPANDA! Mtoto wa darasa la nne anaiona hiyo, mtu mzima mwenye kitambi anageuza laptopu!

Binti Temeke
Presha kuka walinunua au hawakununua?

Mkata Video
Waliondoka. Na hilo nalo kasema ni mimi.

Chuma cha Mbagala
Mkuu hapa hakuna kesi. Mwambie aweke tarehe 1 hadi 20 Juni, kisha 1 hadi 20 Mei. Siku sawa kwa sawa, mjadala umefungwa. Mimi nafanya hivyo kila mwezi na chaneli yangu ya bodaboda.

Mzee wa Grafu
Chuma, siku umezisawazisha, lakini bado utamuumiza mwenzio. Takwimu za YouTube zinachelewa karibu siku mbili kukamilika. Huyo bosi kaangalia tarehe 21 asubuhi. Siku yao inafuata saa za Pasifiki, kule California, kwa hiyo mwezi huu wa sita inaanza saa nne asubuhi yetu na kuisha saa nne asubuhi ya kesho yake. Alipofungua laptopu, tarehe 20 ilikuwa hata haijaisha kwao.

Mleta mada, bonyeza grafu siku kwa siku, utuambie 19 na 20 zinasoma ngapi.

Mkata Video
Ngoja. Tarehe 18 ina 2,410. Tarehe 19 ina 740. Tarehe 20 ina 60. SITINI! Yaani kanipigia hesabu na siku yenye views sitini, akageuza laptopu!

Mzee wa Grafu
Ndiyo hiyo. Mstari ukianguka ghafla mwishoni kabisa, usiite watu, subiri kesho kutwa uangalie tena. Ukijaa, hakuna aliyekukimbia. Kata hizo mbili: 44,000 toa 800 ni 43,200, gawa kwa siku 18, unapata 2,400 kwa siku.

Ila na hiyo usiikimbilie. Siku 18 zina wikiendi ngapi? Za Juni na za Mei hazilingani. Chaneli ya mambo ya jikoni watu wanaiangalia Jumamosi na Jumapili kuliko Jumanne, sasa upande wenye Jumapili moja zaidi unabebwa bure. Chukua siku zinazogawanyika kwa saba. Mimi napenda 28, lakini wewe una haraka, weka 14: tarehe 5 hadi 18 Juni, na upande wa pili 22 Mei hadi 4 Juni. Kila upande una Jumapili mbili.

Chuma cha Mbagala
Hapo kwenye wikiendi umenikamata mkuu. Bodaboda Jumapili wanalala.

Dereva wa Usiku
Samahani, ni chaneli gani hiyo imeshuka? Maana hata mimi king'amuzi changu chaneli za mpira zimepotea tangu Jumatatu na kifurushi nimelipia.

Binti Temeke
😂😂 Dereva soma uzi kwanza.

Mkata Video
Nimeweka siku 14. Juni 33,600, kabla yake 29,400. Nimepanda 4,200, karibu asilimia 14! Naenda kuichapa hiyo karatasi, naibandika kwenye meza ya chapati, mama ntilie asome yeye wa kwanza.

Mzee wa Grafu
Kabla ya kuchapa, acha ulinganisho hivyohivyo, ingia sehemu ya `Content`. Inaonyesha kila video na namba zake kwa vipindi vyote viwili. Angalia hizo 4,200 zimeletwa na nani.

Mkata Video
3,900 zimetoka kwenye video moja. Ya kutoa ukoko kwenye sufuria. Ya mwaka jana.

Chuma cha Mbagala
Hahahaaa! Kwa hiyo hizo za kukesha mpaka saa nane usiku zote kwa pamoja zimeongeza 300? Bosi kakosea hesabu lakini harufu kaisikia!

Mkata Video
Chuma nikome. Hiyo ya sufuria nani aliirekodi? Nilisugua lile sufuria mpaka vidole vikavimba! Yeye mwaka jana hata nywila ya chaneli hakuwa nayo. Na bado siku 14 hazikuwa hoja yake, hoja yake ilikuwa asilimia 29 mbele ya watu.

Mzee wa Grafu
Usigombane. Fungua `Traffic source` ya hiyo video. Kama wanatoka `YouTube search`, watu wanaitafuta wenyewe na inaweza kuendelea miezi. Kama ni `External`, wanatoka nje ya YouTube, labda kuna mtu kairusha kwenye magrupu ya WhatsApp, wiki ijayo inaweza kuzima. Ikizima, ulinganisho unaofuata utakuonyesha umeanguka na hujafanya kosa lolote.

Mkata Video
Search 1,700, External 2,100, zilizobaki huku na huku. Sasa hapo nisomeje?

Mzee wa Grafu
Hapo hata mimi siapi. Rudia baada ya wiki mbili.

Mkata Video
Wiki mbili! Laki inakatwa tarehe 30! Na laptopu ilishageuzwa!

Mama Nasri
Mwanangu, hapo tatizo ni kazi isiyo na mkataba. Mimi nilishonea mtu sare za harusi 22, kaja kuhesabu 20, kalipa za 18. Mpaka leo ananisalimia vizuri tu barabarani.

Binti Temeke
Mama Nasri usinikumbushe mambo ya sare, kuna kamati Tabata bado inanidai kitenge.

Dereva wa Usiku
Nimesoma uzi wote. Poleni. Sasa king'amuzi changu kinaandika E16, nifanyeje?

Chuma cha Mbagala
Hiyo mara nyingi ni kifurushi hakijafunguliwa upande wao. Wapigie wakifungue.

Dereva wa Usiku
Nimewapigia tangu asubuhi, unapigiwa muziki tu mpaka salio linakata.

Binti Temeke
Na ule muziki wenyewe unajirudia! Mimi juzi nimesikilizishwa dakika 40.

Mama Nasri
Hao hao walinikatia siku ya fainali.